Njia ya mkato haifuti kila pigo la kusubiri

"Nimeshawasha njia ya mkato ya data kati ya hatua, mbona programu ya uigaji bado inahesabu pigo moja la kusubiri?"

Programu iko sahihi. Katika maabara yetu hapa Dar es Salaam tunatumia kichakataji cha hatua tano, kila moja ikichukua pigo moja la saa: kuchukua agizo, kulisoma pamoja na rejista, kukokotoa, kufikia kumbukumbu, na kuandika rejista. Tunaanza na jozi hii ya maagizo:

```
lw  x5, 0(x6)
add x7, x5, x8
```

`lw` husoma kumbukumbu katika pigo la 4, na thamani ya `x5` hupatikana pigo hilo linapokwisha, ilhali `add` ingeihitaji mwanzoni mwa pigo hilohilo. Hakuna waya unaorudisha data wakati uliopita, kwa hiyo `add` hukokotoa katika pigo la 5, na jozi humalizika katika la 7 badala ya la 6. Bila njia ya mkato, mapigo ya kusubiri yangekuwa mawili, mradi rejista iandikwe na kusomwa ndani ya pigo moja.