Je, wajua? Yale «mara 10,000» ya mstafeli yalitoka wapi

«Kuna ujumbe unazunguka kwamba majani ya mstafeli yanaua saratani mara 10,000 kuliko dawa za hospitali, na sukari pia yanaponya. Wanasema wanasayansi wamethibitisha. Ni kweli au ni uongo?»

Utafiti unaotajwa upo, na hata namba yenyewe ipo ndani yake, lakini haikusema lolote juu ya majani, wala juu ya mgonjwa, wala juu ya kupona. Nalisema hili nikiwa mtu aliyekosea mara mbili. Mara ya kwanza niliuamini ujumbe huo nikausambaza kwa ndugu zangu. Baadaye, nilipopata mashaka, nikaanza kuwaambia watu kwamba namba hiyo imebuniwa na wauzaji wa unga wa majani, na hilo nalo halikuwa sahihi. Kosa la pili ndilo lililonifundisha zaidi, kwa sababu mtu ukimwambia «ni uongo mtupu» kisha akaonyeshwa chapisho la kweli la chuo kikuu, hatakusikiliza tena.

Chapisho hilo ni la mwaka 1996. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, katika jimbo la Indiana nchini Marekani, walikuwa wakichambua mbegu za stafeli, zile nyeusi tunazozitema tunapokula tunda. Humo walipata kemikali tano ambazo hazikuwa zimeelezwa kabla, za kundi liitwalo asetojeni. Walizijaribu juu ya seli za aina kadhaa za saratani zinazokuzwa katika vyombo vya maabara, na kemikali moja kati ya hizo tano ilikuwa na nguvu mara 10,000 kuliko dawa iitwayo adriamaisini dhidi ya aina moja ya seli za saratani ya utumbo mpana, ambazo maabara huziita HT-29. Huo ndio mzizi wote wa habari. Kutoka hapo mbegu zikageuka majani, kemikali moja iliyochujwa ikageuka kikombe cha chai, seli za chomboni zikageuka mgonjwa, na adriamaisini ikageuka «dawa za hospitali» zote kwa jumla.

Kila mgeuko kati ya hiyo unatosha kuuangusha ujumbe, lakini ningependa kukaa zaidi kwenye maneno «nguvu mara 10,000», kwa kuwa hapo ndipo nami niliponaswa. Mfamasia anaposema dawa fulani ina nguvu kuliko nyingine, anazungumzia kiasi kinachohitajika ili kupata athari ileile. Fikiria sufuria mbili za maharage. Moja unataka iwashe kwa pilipili kichaa, nayo itahitaji chembe mbili tatu. Nyingine unataka iwashe kwa pilipili hafifu, na utazijaza mpaka mboga igeuke kachumbari. Pilipili kichaa ina nguvu zaidi, bila shaka. Lakini ukali huo haukuambii kama maharage yameiva, na hata ukiuzidisha mara 10,000 hautayaivisha. Vivyo hivyo, kipimo cha maabara kilieleza ni tone dogo kiasi gani la kemikali linalotosha kuua seli zilizokaa uchi ndani ya chombo. Hakikueleza kama tone hilo linaweza kumfikia mtu aliye na uvimbe ndani ya utumbo, wala litamfanyia nini akilipata.

Halafu inafaa kumwangalia yule aliyeshindanishwa naye. Adriamaisini, ambayo jina lake jingine ni doksorubisini, ni dawa inayotumika sana kwa saratani ya matiti na saratani kadhaa za damu na tezi, lakini si dawa ya kawaida ya saratani ya utumbo mpana. Watafiti waliiweka pale kama kipimo cha kulinganishia, kama mwuza duka anavyoweka jiwe la kilo kwenye mizani, nao walikuwa na haki ya kufanya hivyo. Ila msomaji anayeambiwa kwamba mstafeli «umeishinda kemotherapi» hajui kwamba dawa iliyoshindwa si ile ambayo angepewa kwa ugonjwa huo.

Kuua seli ndani ya chombo ni jambo ambalo hata dawa ya kufulia inaliweza. Ugumu unaanzia pale kemikali inapolazimika kupita tumboni bila kuvunjwa, ipenye ukuta wa utumbo, ivuke ini ambalo kazi yake mojawapo ni kuharibu vitu vigeni, kisha ifike kwenye uvimbe ikiwa bado na kiasi cha kutosha, na njiani isiwe imeviumiza viungo vingine. Mfano ninaoupenda ni wa ua moja la bustanini liitwalo vinka, lenye asili ya Madagaska, petali zake tano zenye rangi kati ya waridi na zambarau, ambalo wengi wamelipanda mbele ya nyumba bila kujua lina historia gani. Miaka ya 1950 majani yake yalipelekwa Kanada kutoka Jamaika, kwa sababu watu huko walikuwa wakiyanywa kama dawa ya kisukari. Watafiti Robert Noble na Charles Beer walipoyajaribu kwa panya hawakuona sukari ikishuka kwa namna ya maana. Walichoona ni kwamba chembe nyeupe za damu zilipungua sana. Kutokana na uchunguzi huo na ule wa watafiti wengine zikapatikana dawa za vinblastini na vinkristini, na vinkristini mpaka leo hutibu watoto wenye saratani ya damu. Hata hivyo haipatikani kwa kuchemsha majani. Ili kupata gramu moja tu huhitajika mamia ya kilo za majani makavu, na dawa yenyewe hupewa kwa sindano ya mshipani kwa sababu ikimezwa hainyonywi vizuri. Kwa hiyo mmea unaweza kuwa na dawa ya kweli ndani yake, na chai ya mmea huohuo isitibu chochote.

Historia hiyo inajibu pia madai kwamba kampuni za dawa ziliuficha mstafeli kwa kuwa mti hauwezi kumilikiwa. Dawa zinazotokana na mimea zinatengenezwa na kuuzwa na kampuni hizohizo, na matokeo ya Purdue hayakufichwa: yalichapishwa katika jarida la kitaalamu, na kazi hiyo ilipata fedha kutoka taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani.

Ujumbe wa mitandaoni huongeza kwamba mstafeli hushambulia seli za saratani pekee na kuziacha seli nzima. Hapa tunahitaji kujua asetojeni hufanya kazi vipi. Ndani ya kila seli kuna viungo vidogo viitwavyo mitokondria, ambavyo hugeuza chakula kuwa nishati, na asetojeni huziba hatua ya kwanza ya mtambo huo. Ni kama kukata waya mkubwa unaoingiza umeme mtaani: kiwanda kinachotumia umeme mwingi kitazimika mapema, lakini hospitali iliyo mtaa huohuo nayo imo gizani. Seli za ubongo hutumia nishati nyingi mno. Mwaka 1999 watafiti Dominique Caparros-Lefebvre na Alexis Elbaz walieleza kwamba katika kisiwa cha Guadeloupe, kule Karibi, kulikuwa na wagonjwa wengi kuliko ilivyotarajiwa wa aina isiyo ya kawaida ya ugonjwa unaofanana na Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtu atetemeke, na wengi wao walikuwa wakila stafeli na kunywa chai ya majani yake. Baadaye panya waliopewa anonasini, asetojeni kuu ya mmea huu, walipoteza seli za ubongo.

Ninalazimika kuyapima matokeo hayo kwa mizani ileile. Wale panya walitiwa kemikali moja kwa moja mshipani kwa wiki kadhaa, hawakula tunda. Na wagonjwa wa Guadeloupe walihojiwa juu ya vyakula vya zamani wakiwa tayari wanaumwa. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ufaransa iliposoma ushahidi huo mwaka 2010 ilisema hautoshi kuthibitisha kwamba stafeli ndiyo sababu. Kwa hiyo mtu anayekula stafeli msimu wake ukifika sina cha kumtisha nacho. Anayekunywa chai ya majani kila siku kwa miezi, au kumeza unga wa mbegu, ninamshauri aache, kwa kuwa hatari inayoshukiwa ina maelezo yanayoeleweka na faida haijaonekana.

Kwa upande wa binadamu nimepata jaribio dogo la Indonesia la mwaka 2017, lenye wagonjwa kama 30 wa saratani ya utumbo mpana. Waliopewa dondoo la majani, damu yao ilizidhuru seli za chomboni zaidi kuliko damu ya wenzao. Hilo halituambii kama uvimbe ulipungua au kama waliishi muda mrefu zaidi.

Zinabaki shuhuda, na shuhuda ni nzito kwa sababu hutoka kwa watu tunaowapenda. Shangazi yangu aliniletea habari za binti wa jirani yake aliyepona «saratani ya titi» kwa majani hayo. Nilimsalimu, nikamwomba ruhusa ya kuuliza, naye hakukasirika.

«Shangazi, walimkata kipande kidogo cha nyama ya uvimbe wakakipeleka maabara?»

«Hapana mwanangu, alishika mwenyewe akakuta uvimbe, akaogopa kwenda.»

«Ana umri gani?»

«Ishirini na mbili.»

Katika umri huo uvimbe mwingi wa titi si saratani, na mwingine hutoweka wenyewe. Majani yalisifiwa kwa kuponya ugonjwa ambao hakuna aliyeuona. Endapo jibu la kwanza lingekuwa «ndiyo, kilipimwa», ningeuliza kama alifanyiwa upasuaji au alichomwa dawa kabla ya majani, kwani mara nyingi sehemu hiyo ya hadithi huachwa nje. Ningeuliza pia ni watu wangapi walikunywa kama yeye, maana waliokufa hawarekodi ujumbe wa sauti.

Kwa kisukari swali la kwanza ni kipimo gani kilichoshuka. Sukari ya asubuhi moja hupanda na kushuka kwa sababu nyingi, na mtu anayeanza dawa ya majani kwa kawaida huacha soda na kupunguza ugali siku hiyohiyo. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, hakidanganyiki kwa asubuhi moja nzuri. Anayedai kupona aonyeshe viwili, cha kabla na cha baada ya miezi mitatu, pamoja na orodha ya vidonge alivyokuwa akimeza katika muda huo. Na asiache insulini ili kufanya jaribio hilo, kwa sababu mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiiacha anaweza kufa kwa siku chache tu.