Ashwaganda, dawa ya tezi na usiku usioisha

"Dada mfamasia, nina miaka 46, tezi yangu ya shingo haifanyi kazi vizuri na kila asubuhi nameza levothairoksini. Usingizi umenikimbia, nikaanza ashwaganda, ile dawa ya mitishamba. Wiki 6 sasa, moyo unanidunda, mikono inatetemeka, na usiku ndiyo kabisa silali. Niongeze dozi?"

Hapana, dada yangu, iache leo. Levothairoksini usiiguse, endelea nayo kama ulivyoandikiwa, kisha umwone daktari wako akupime TSH na T4, vipimo vya damu vinavyoonyesha tezi inavyofanya kazi. Ukisikia kifua kinauma au unataka kuzimia, usisubiri miadi.

Ashwaganda inaweza kuichochea tezi itoe homoni zaidi. Katika jaribio moja, watu 50 ambao tezi yao ilikuwa imelegea kidogo waligawanywa makundi mawili. Waliopewa miligramu 600 kwa siku kwa wiki 8 walipanda homoni za tezi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kwako wewe nyongeza hiyo inakuja juu ya homoni unayoimeza tayari. Homoni ikizidi, moyo hudunda, mikono hutetemeka, jasho hutoka, na usingizi hukimbia. Kwa hiyo kitu ulichokinywa ili ulale huenda ndicho kinachokukesha, na ukiongeza dozi utazidi kukesha.

Majibu yakirudi TSH iko chini sana, yaani homoni ya tezi imezidi, mwambie daktari wazi kwamba ulikuwa unatumia ashwaganda, na mpelekee kopo lenyewe. Asipojua, anaweza kukupunguzia levothairoksini bure, halafu wiki kadhaa baadaye, ashwaganda ikiwa imeshatoka mwilini, ukajikuta umepungukiwa homoni. Kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 hivi, kwa sababu TSH hubadilika polepole.

"Kwa asiye na tatizo la tezi, inafanya kazi kweli?"

Kidogo. Mwaka 2021 watafiti walikusanya majaribio 5 yenye watu 400, wakaona usingizi unaboreka, lakini si kwa kiasi kikubwa. Nafuu ilionekana zaidi kwa wenye tatizo la kukosa usingizi, waliotumia miligramu 600 au zaidi kwa siku, kwa wiki 8 au zaidi. Anayemeza kidonge saa tatu usiku akitegemea kusinzia saa nne atakata tamaa mapema. Majaribio yenyewe ni madogo na mafupi, na mengine dawa ilitolewa na watengenezaji wake, jambo ambalo mimi hunifanya nisome matokeo kwa jicho la pembeni.

Lingine ni ini. Mwaka 2020 madaktari wa Aislandi na Marekani walieleza wagonjwa 5 walioumia ini baada ya kutumia bidhaa za ashwaganda, dalili zikianza kati ya wiki 2 na 12. Ni jambo la nadra, lakini mwili ukianza kuwasha bila upele, mkojo ukawa kama chai ya rangi au weupe wa macho ukageuka manjano, acha na uende hospitali. Mjamzito asiitumie kabisa. Anayetumia dawa za kisukari, presha, usingizi au za kutuliza kinga ya mwili aulize kwanza.

"Wanasema kwenye majani ya chai kuna L-theanini inayotuliza. Si ninywe tu chai usiku?"

Ipo kweli, lakini kikombe kimoja kina miligramu chache, mara nyingi hazifiki 25, na majaribio mengi hutumia miligramu 200. Utakunywa vikombe vingapi, na kafeini yake utaipeleka wapi? Ya vidonge huwasaidia baadhi ya watu kutulia. Nafuu yenyewe ni ndogo na inategemea zaidi jinsi mtu anavyosema amelala. Inaweza kushusha presha, hivyo anayemeza dawa ya presha awe macho.

"Na mafuta ya lavenda kwenye mto? Mwanangu wa miaka 2 analala nami."

Harufu hiyo huwapa wengi utulivu, ila ushahidi wake ni dhaifu kwa sababu ya ajabu kidogo: jaribio zuri humficha mtu asijue amepewa nini, na lavenda haifichiki puani. Anayeinusa anajua, anatarajia kulala vizuri, na matarajio nayo yana nguvu yake.

Ukitaka, dondoshea tone moja au mawili kwenye kitambaa na ukiweke mbali kidogo na kitanda, si kwenye ngozi wala kwenye mto wa mtoto. Mwenye pumu akianza kubanwa kifua, kitambaa kitoke chumbani. Chupa ndiyo inayonitia wasiwasi: ni ndogo, inanukia vizuri, na mtoto wa miaka 2 ataionja. Akimeza, usimtapishe, kwa kuwa mafuta yakipitia njia ya hewa huumiza mapafu. Mpeleke hospitali moja kwa moja, na chupa uibebe.