Mjamzito, eksirei ya kifua na aproni ya risasi

Wajawazito wengi wakiingia chumba cha eksirei huuliza kwanza aproni ya risasi, vazi zito la madini la kuzuia mionzi, iko wapi. Wana haki ya kuuliza, maana sisi wapiga picha wenyewe ndio tuliowazoesha. Desturi hiyo ilianza miaka ya 1950, mashine zilipokuwa zikitoa mionzi mingi kuliko za leo. Aprili 2019 chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani, AAPM, kilishauri kuacha kufunika tumbo la mjamzito kama jambo la kawaida.

Chukua mama wa wiki 24 mwenye homa, kikohozi na pumzi fupi. Daktari anashuku nimonia. Nikimpiga picha ya kifua, naubana mwale uishie chini kidogo ya mapafu, kwa hiyo mtoto hayumo njiani kabisa. Kinachomfikia ni mionzi michache inayotawanyika ndani ya mwili wa mama kutoka kifuani kushuka tumboni. Aproni iko nje, juu ya ngozi, haiwezi kuizuia hiyo. Mionzi hiyo inayomfikia mtoto haifiki miligrei 0.01, miligrei ikiwa kizio cha mionzi inayopokewa na mwili, wakati mionzi ya asili, ya ardhini na angani, humpa karibu miligrei 0.5 hadi 1 katika mimba nzima. Ongezeko la kasoro za maumbile au mimba kuharibika halijaonekana chini ya miligrei 50.

Aproni yenyewe inaweza kuleta hasara. Mimba ya wiki hizo imeshaanza kusukuma juu kiwambo, msuli ulio chini ya mapafu, na aproni ikipanda kidogo tu inafunika pembe za chini za mapafu, pale pale maji yanapojikusanya. Picha inarudiwa. Tena mashine nyingi za sasa zina vihisio vinavyopima mionzi iliyopita na kuikata ikitosha. Risasi ikiziba kihisio, mashine inadhani mionzi haijatosha, inaongeza. (Mama akisisitiza, namfunga aproni, lakini chini, mbali na eneo la picha. Hofu yake nayo ni ya kutibiwa.)

Tatizo likiwa tumboni, mfano kidole tumbo, hesabu inabadilika kwa sababu mtoto yumo ndani ya eneo la kipimo. Tunaanza na ultrasaundi, isiyo na mionzi ya aina hiyo. Isipotoa jibu, MRI, mashine ya kupiga picha kwa sumaku, nayo haina, ila bila dawa ya gadoliniamu, kwani hupita kondo la nyuma.

Na kama MRI haipo mjini? CT skani ya tumbo, yaani eksirei inayopiga picha nyingi za vipande vya mwili, humpa mtoto takriban miligrei 1.3 hadi 35, nyingi kuliko za kifua lakini bado chini ya 50. Inabaki hatari ndogo ya saratani utotoni, na mama anapaswa kuelezwa. Lakini kidole tumbo kikipasuka, uwezekano wa kumpoteza mtoto ni mkubwa zaidi, kwa hiyo siwezi kumrudisha mama huyo nyumbani eti kwa kuogopa mionzi.