Kiapo, Zaka na Jela: Wakweka wa Kwanza Nchini Uingereza

Wengi wanaowafahamu Wakweka, hasa nchini Kenya ambako Kanisa la Marafiki lina mizizi tangu misheni ya Kaimosi mwaka 1902, huwajua kama watu wa amani. Serikali ya Uingereza ya karne ya 17 haikuwaona hivyo. Iliwaona kuwa watu wa hatari, na sababu mbili zilizojirudia mahakamani zilikuwa kwamba hawali kiapo na hawatoi zaka.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza mwaka 1642 kati ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge lake. Maaskofu walipoteza madaraka, udhibiti wa vitabu ukalegea, na wahubiri wasio na daraja lolote la kanisa wakapata wasikilizaji sokoni na kambini. Katika hali hiyo George Fox, kijana aliyefunzwa ushonaji wa viatu, aliondoka kwao Leicestershire mwaka 1643 akitafuta mwongozo wa kiroho, asiupate kwa makasisi. Alifikia imani kwamba Kristo humfundisha kila mtu moja kwa moja, kwa nuru iliyo ndani yake. Mwaka 1652 alikwenda kaskazini, akahubiria umati mkubwa kwenye kilima cha Firbank, kisha akapokewa katika jumba la Swarthmoor na Margaret Fell, mke wa jaji Thomas Fell. Jumba hilo likawa makao ya harakati nzima ya Wakweka. Baadhi ya wahubiri wake, kama James Nayler, walikuwa wamepigana upande wa Bunge.

Ikiwa kila mtu ana nuru hiyo, kasisi anayelipwa hana kazi. Hapo ndipo zaka ilipokataliwa. Zaka haikuwa sadaka ya hiari bali deni la kisheria: mganda mmoja wa nafaka katika kila kumi, pamoja na sehemu ya mifugo na mazao mengine. Tena haikumfikia kasisi peke yake, kwa kuwa tangu Mfalme Henry wa Nane alipovunja nyumba za watawa, haki ya kukusanya zaka katika parokia nyingi ilikuwa mikononi mwa mabwana wenye ardhi. Aliyeigomea zaka aligusa mali ya matajiri, na pengine hilo liliwaudhi kuliko mafundisho yenyewe. Mkulima aliyekataa angeweza kunyang'anywa ng'ombe au vyombo vyenye thamani kubwa kuliko deni, au kushtakiwa. Na katika baadhi ya mahakama hakuweza hata kujitetea, kwa sababu majibu yake yalitakiwa yatolewe chini ya kiapo. Akikataa kuapa, alifungwa kwa kudharau mahakama.

Kuhusu kiapo walishika maneno ya Yesu katika Mathayo 5: “Usiape kabisa.” Waliamini pia kwamba anayeapa anakiri kuwa katika siku nyingine ukweli wake ni wa kiwango cha chini. Lakini ufalme uliporudishwa mwaka 1660, serikali iliogopa maasi, na baada ya uasi wa kundi jingine la kidini jijini London mnamo Januari 1661, maelfu ya Wakweka walikamatwa ingawa hawakuhusika. Sheria ya mwaka 1662 ilifanya kukataa kiapo halali kuwa kosa, pamoja na mkutano wa ibada wa Wakweka watano au zaidi wenye umri wa kuanzia miaka 16. Kosa la tatu liliweza kumfanya mtu ahamishiwe ng'ambo.

Kesi ya Margaret Fell inaonyesha jinsi mtego ulivyofanya kazi. Mwaka 1664, akiwa mjane, aliitwa kwa sababu ya mikutano iliyofanyika nyumbani kwake. Hakimu hakuhitaji kuthibitisha njama yoyote. Alimtaka tu aape kiapo cha utii kwa Mfalme. Margaret alieleza kwamba alikuwa mtiifu kwa Mfalme, ila hangeweza kuapa. Huko Lancaster alihukumiwa kuwekwa nje ya ulinzi wa Mfalme, yaani mali yake itaifishwe na yeye afungwe kwa muda utakaompendeza Mfalme. Alijibu kwamba hata akiwa nje ya ulinzi wa Mfalme, hayuko nje ya ulinzi wa Mungu Mwenyezi. Fox, aliyeshtakiwa pamoja naye, alionyesha makosa katika hati ya mashtaka ikabatilishwa, lakini papo hapo akatakiwa aape tena, na akarudishwa gerezani. Margaret aliachiliwa mwaka 1668.

Sheria ya mwaka 1689 iliruhusu ibada zao, na ya mwaka 1696 ikawakubalia kutoa tamko badala ya kiapo, ingawa si katika kesi za jinai. Zaka haikuondolewa: sheria hiyo hiyo ya 1696 iliwapa mahakimu njia ya haraka ya kuwadai Wakweka madeni madogo ya zaka, na unyang'anyi wa mali uliendelea katika karne iliyofuata.