Saa ya kwanza ya gemu ya mvuvi: jinsi nilivyoifunga kwenye maji kupwa

Rasimu yangu ya kwanza ya usimulizi wa ufunguzi ilikuwa na maneno mia mbili na zaidi. Ilieleza utoto wa mvuvi, kifo cha baba yake, dhoruba iliyovunja chombo, na mwamba ambao watu waliuogopa. Nilipoisoma kwa sauti, kwa mwendo wa msimulizi asiye na haraka, ilizidi dakika mbili. Katika dakika hizo mchezaji hana la kufanya. Nilipowapa watu waijaribu, wengi walianza kubofya ili ipite kabla baba hajafa.

Nikaichukua sentensi moja moja na kuiuliza: je, jambo hili mchezaji anaweza kuligundua mwenyewe kwa mikono yake? Kama anaweza, sentensi inatoka. Kwamba chombo ni kikuukuu, ataona kinavyovuja. Kwamba mwamba ni hatari, ataujua wavu ukinasa. Kifo cha baba hakina kazi yoyote katika saa ya kwanza, kwa hiyo nacho kikatoka. Kilichobaki ni hiki:

"Nimelala wavu wangu ukiwa na tundu la kupita mtu. Nimeamka, tundu limeshonwa, yamebaki macho matatu. Nyumba hii naishi peke yangu. Hii ni mara ya tatu. Na maji yameanza kupwa. Nisipotoka sasa, chombo kitakaa mchangani mpaka jioni."

Angalieni nyakati za vitenzi. Sisi tukianza hadithi, ulimi unakimbilia -li- na -ka-: alilala, akaamka, akaona. Kwa hadithi ya kusikilizwa -ka- ni tamu sana, maana inalivuta tukio moja baada ya jingine. Lakini kwenye gemu inamweka mchezaji katika nafasi ya msikilizaji wa mambo yaliyokwisha. Nikahamia -me-. "Limeshonwa" inaacha matokeo ya kitendo pale pale mbele yake. Wavu upo na uzi wake bado mpya, na anaweza kuushika sasa hivi. Sentensi ya mwisho ina kazi tofauti: inampa sababu ya kuondoka na inamtajia saa itakayotawala kila kitu kinachofuata.

Saa hiyo ni maji yenyewe. Katika pwani nyingi maji hushuka kwa muda wa saa sita hivi, na hayashuki kwa mwendo mmoja. Kuna kanuni ya mabaharia inayokadiria hivi: gawa kimo chote mara kumi na mbili. Saa ya kwanza hushuka sehemu moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Yaani huanza polepole, hukimbia katikati, kisha hutulia. Nilipoiandika ubavuni mwa matukio yangu nikaona kwamba huo ndio mwendo niliokuwa nautafuta kwa wiki kadhaa. Saa moja ya mchezaji ikawa kupwa moja: kila dakika kumi za kucheza ni saa moja ya baharini.

Dakika kumi za mwanzo ziko ufukweni, nami nimezipa nafasi kubwa kuliko zote. Mchezaji anamalizia yale macho matatu ya wavu. Anapitisha sindano ya kushonea, anazungusha uzi, anakaza. Fundo lake linaegemea kulia. Mafundo yaliyo kando yake, yaliyofungwa usiku, yanaegemea kushoto. Mtu anayetumia mkono wa kushoto mara nyingi hufunga fundo hilo hilo kinyume, kama linavyoonekana kwenye kioo. Simsemei mchezaji jambo hili. Hapo awali niliweka mstari uliosema "Aliyeshona anatumia kushoto", nao ukaua raha yote. Sasa mvuvi anasema tu, "Fundo hili si la mkono wangu."

Kumi za pili ni mkondoni: kupiga kasia, kushusha nanga, kutupa wavu. Hapo hakuna fumbo, ni kazi tu.

Kisha zinakuja dakika ishirini za katikati, pale maji yanapokimbia. Mkondo unakivuta chombo nje, wavu unanasa kwenye mwamba, na mchezaji anachagua: akate wavu aokoe chombo, au atie nanga apige mbizi kuunasua. Mwanzoni nilikuwa nimeweka hapa mazungumzo marefu na mvuvi mwingine anayepita. Nikayaondoa yote. Mtu anayepambana na mkondo hasomi.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuyafunga maji na saa halisi. Mchezaji mmoja aliyependa kushona alikaa ufukweni dakika ishirini, akatazama, na chombo chake kikawa juu ya mchanga. Gemu ikawa imekwisha kabla haijaanza. Sasa maji hushuka mchezaji anapovuka tukio, hayafuati dakika. Akichelewa, bahari inamsubiri, naye hatambui, kwa sababu sauti ya mawimbi haikatiki. Dakika ninazotaja ni makadirio ya mchezaji wa kawaida tu.

Tatizo la pili ni yule anayeruka kushona na kusukuma chombo moja kwa moja. Sikutaka kumfungia njia. Naandika kwa Ink, lugha ya kuandikia hadithi za gemu, na nimeweka kumbukumbu ndogo inayobadilisha maneno atakapofika mwambani:

```
VAR maji = 12
VAR ameona_fundo = false

=== mwambani ===
~ maji = maji - 2
{ ameona_fundo:
    Fundo lile lile. Linaegemea kushoto.
- else:
    Fundo hili sijalifunga mimi.
}
-> DONE
```

Aliyeliona fundo asubuhi analitambua, na ambaye hakuliona analikuta kwa mara ya kwanza. Wote wawili wanabaki na swali, ingawa wa kwanza analibeba kwa uzito zaidi.

Fundo hilo la mwambani liko kwenye dema, mtego wa samaki. Katika dakika ya hamsini maji yamepungua kiasi cha mvuvi kushuka na kutembea juu ya mwamba. Mwendo unarudi kuwa wa polepole, na mchezaji anachungulia vidimbwi kimoja kimoja. Dema limefungwa kwa kamba mbichi, na ndani yake kuna chambo ambacho hakijaoza. Chambo hicho nilikiongeza mwishoni kabisa, baada ya majaribio. Kabla yake, nilipowauliza watu mwisho wa saa, "Unatafuta nini?", wengi walijibu, "Samaki." Dema tupu lilionekana kama takataka iliyoletwa na bahari. Chambo kibichi hakiletwi na bahari. Baada ya kukiweka, jibu likawa, "Nani yuko huku?"

Kwa hiyo swali la asubuhi, nani anashona wavu wangu, linageuka bila msimulizi kusema neno: kuna mtu anayeishi na mwamba huu, na anakijua kitanda changu kilipo. Maji yamefika sifuri. Kwa muda mfupi hayashuki wala hayapandi, na nimezima hata sauti ya mawimbi niliyoiacha ikilia tangu ufukweni. Mchezaji anaweza kulifungua dema, kuliacha, au kufunga fundo lake la kulia kando ya lile la kushoto. Akimaliza, wimbi la kwanza la maji kujaa linagusa miguu yake.