Chuma kati ya kuta mbili: nusu kwa nusu haitoki hewani

Jumanne na Alhamisi jioni huwa nakaa na mafundi wachache hapa Jinja wanaojiandaa kwa mtihani wa stashahada. Mmoja ametoka Arua, mwingine Bwera kule mpakani na Kongo, wawili ni wa hapa hapa Busoga, basi Kiswahili ndicho kinachotukutanisha mezani. Swali linalotuchelewesha kila muhula ni lile la chuma kilichonyooka, ncha zake zote mbili zimeshikwa na kuta, halafu katikati kuna nguvu inayokisukuma kwa kufuata urefu wake. Kila ukuta unabeba kiasi gani?

Wengi hujibu kabla sijamaliza kuuliza: nusu kwa nusu. Jibu ni sahihi. Sababu wanazotoa ndizo mbovu, na swali likigeuzwa kidogo tu zinawaangusha.

Tutumie chuma kimoja mpaka mwisho. Ni cha pembe nne, milimita 20 kwa 20, kwa hiyo eneo la mkato wake ni milimita za mraba 400. Urefu ni milimita 2,000. Ukuta wa kushoto tuuite A, wa kulia B, na katikati C. Pale C tunasukuma kuelekea B kwa nyutoni 40,000, kama uzito wa tani nne hivi. Moduli ya Young, yaani kipimo cha jinsi chuma kinavyogoma kurefuka, kwa chuma cha pua au cha kawaida haiko mbali na 200,000 N/mm², nayo tutaichukua hivyo.

Dhana: "Nguvu za kuta zikijumlishwa zinalingana na mzigo, basi hesabu imekwisha."

Zinalingana kweli: tukiita nguvu ya ukuta A R_A na ya ukuta B R_B, R_A + R_B = 40,000. Lakini huo ni mlinganyo mmoja na tunatafuta namba mbili. Weka 10,000 na 30,000, msawazo unakubali. Weka 39,000 na 1,000, unakubali pia. Wapo wanaokimbilia kupiga momenti kuhusu A, wakasahau kwamba nguvu zote tatu ziko kwenye mstari mmoja, kwa hiyo momenti inatoa sifuri ni sawa na sifuri na hatujaongeza kitu.

Mlinganyo wa pili hautoki kwenye nguvu, unatoka kwenye umbo. Kuta hazikusogea. Chuma kilikuwa na milimita 2,000 kati ya A na B kabla ya mzigo, na baada ya mzigo bado kina 2,000. Hilo ndilo sharti la upatanifu, na njia nyepesi ya kulitumia ni kuuondoa ukuta B kwa mawazo tu.

Bila B, mzigo wote unavutwa na nusu ya kushoto. Nusu hiyo inarefuka kwa nguvu mara urefu, gawanya kwa eneo mara moduli: 40,000 × 1,000 ÷ (400 × 200,000), yaani milimita 0.5. Nusu ya kulia haijashikwa na kitu, kwa hiyo hairefuki wala haifupiki, inachukuliwa tu kama behewa. Ncha ya B basi imesogea milimita 0.5 kuingia mahali palipokuwa na ukuta. Sasa rudisha ukuta. Lazima uisukume ncha ile irudi milimita 0.5, na safari hii unabana chuma kizima cha milimita 2,000:

R_B × 2,000 ÷ (400 × 200,000) = 0.5

Hapo R_B ni 20,000, na R_A ni zile 20,000 zilizobaki. Nusu kwa nusu, ila sasa tunajua imetoka wapi.

Dhana: "Urefu haujabadilika, kwa hiyo chuma hakijasumbuka."

Hii ndiyo inayonitesa zaidi, kwa sababu aliyeielewa nusu ya somo ndiye huikamata kwa nguvu. Ameandika kwa mkono wake kwamba badiliko la urefu ni sifuri, sasa anaona hakuna kilichotokea.

Siku moja nilichoka kuchora. Nikachukua ukanda wa mpira wa tyubu, ule ambao bodaboda hufungia magunia, nikaunyoosha kati ya misumari miwili kwenye ubao, sentimita 30, ukiwa umekaza. Katikati nikaweka alama ya wino: sentimita 15 huku, 15 kule. Kisha nikaishika alama kwa vidole nikaivuta kulia sentimita 2. Kijana wa Arua akapima kwa rula: kushoto 17, kulia 13. Misumari iko palepale, jumla ni 30 ileile. Kilichoongezeka upande mmoja kimepungua upande wa pili. Jumla ya mabadiliko ni sifuri, na kila upande umebadilika.

Mpira ule ulikuwa umekazwa tangu mwanzo, kwa hiyo upande wa kulia ulilegea tu. Chuma chetu hakikukazwa na mtu, basi upande wa kulia unabanwa kabisa. Nusu ya kushoto imevutwa kwa nyutoni 20,000, mkazo wake, yaani nguvu kwa kila milimita ya mraba ya mkato, ni 50 N/mm². Nusu ya kulia imebanwa kwa kiasi hichohicho. Pale C pamesogea milimita 0.25, ambayo ni nusu ya ile 0.5 ya chuma kisicho na ukuta B.

Anayechora pande zote mbili zikivutwa, kwa kuwa "kuta zote zinashikilia", asahihishwe mapema. Kuta zote zinapinga kwa kuelekea upande mmoja, kushoto: A kwa kuvuta, B kwa kusukuma. Tofauti hiyo ina uzito kazini. Chuma kinachovutwa kikiwa na mkazo wa 50 hakina wasiwasi. Kinachobanwa kinaweza kupinda ubavuni. Kipande cha milimita 1,000 cha unene huu, kingekuwa peke yake na ncha zinazozunguka bila kuzuiwa, kingepinda kwenye nyutoni 26,000 hivi kwa kanuni ya Euler. Chuma chetu kimeshikwa vizuri zaidi ya hapo upande wa ukuta, lakini 20,000 si mbali na 26,000 hata kidogo, na ukiangalia mkazo peke yake hutaiona hatari hiyo.

Dhana: "Ni nusu kwa nusu kwa sababu mzigo uko katikati."

Ukatikati ni nusu ya sababu. Nusu nyingine ni kwamba pande mbili zinafanana. Badilisha upande wa kulia uwe wa milimita 40 kwa 20, eneo 800, chuma kilekile, mzigo palepale katikati.

Sharti halibadiliki: kushoto kurefuke kiasi kilekile ambacho kulia kunafupika. Upande wa kushoto unahitaji nyutoni 80,000 kwa kila milimita moja, wa kulia 160,000. Zikisogea pamoja, zinapinga pamoja, jumla 240,000 kwa milimita. Gawanya 40,000 kwa hiyo, C inasogea milimita 0.167 hivi. Upande mwembamba unachukua nyutoni 13,300, upande mnene 26,700. Theluthi moja kwa theluthi mbili, na mzigo bado uko katikati.

Hapo mtu husema basi upande mnene ndio unaoumia zaidi. Pima mkazo: 13,300 kwa 400 ni kama 33, na 26,700 kwa 800 ni 33 ileile. Si bahati. Urefu wa pande ni sawa, badiliko ni sawa, chuma ni cha aina moja, kwa hiyo mkazo hauna budi kulingana. Upande mgumu umebeba zaidi, ila una nyama zaidi ya kubebea. Aliyeongeza unene upande mmoja ili kuusaidia ule mwingine amefanikiwa kwa kweli, mkazo umeshuka pande zote kutoka 50 hadi 33.

(Wapo pia wanaochanganya swali hili na la ndoo iliyoning'inizwa katikati ya boriti. Kule nako kuta zinagawana nusu kwa nusu, lakini boriti inapindwa, haivutwi. Tazama mshale wa mzigo kwanza, umelala na chuma au umekikata?)

Dhana: "Mwanya mdogo haubadilishi kitu."

Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa milimita 0.1 hivi. Tuseme chuma chetu kilikatwa kifupi kiasi kwamba upande wa B karatasi mbili zinapita: mwanya wa 0.2. Jichoni huuoni.

Bila ukuta ncha ingesogea 0.5. Sasa 0.2 ya kwanza ni ya bure, ukuta unazuia 0.3 tu:

R_B × 2,000 ÷ (400 × 200,000) = 0.5 − 0.2

R_B inashuka hadi 12,000. A anabeba 28,000, na mkazo wa kushoto unapanda kutoka 50 hadi 70. Karatasi mbili zimeongeza asilimia 40 upande mmoja. Ukifika mwanya wa 0.5, yaani karatasi tano, B hagusi chochote na A amebeba yote. Ndiyo maana ukuta wa matofali unaolegea kidogo nao huvuruga hesabu yetu safi: ukisogea, sharti si sifuri tena, ni kiasi ulichosogea.

Jua pia lina lake. Chuma kilichokazwa barabara kati ya kuta asubuhi, kikipata joto la nyuzi 10 zaidi mchana, kingependa kurefuka karibu milimita 0.24. Kikizuiwa kinabanwa kwa mkazo wa 24 N/mm² kabla mtu hajakigusa, na chenye mwanya wetu wa 0.2 kingeuziba chenyewe.

Yule fundi wa Bwera akauliza, "Mwalimu, wakichora mwanya kwenye mtihani, naanzia wapi?" Nikampa chuma hikihiki, mwanya uleule wa 0.2, lakini mzigo wa nyutoni 10,000. Akaingiza moja kwa moja: bila ukuta ncha inasogea 0.125, atoe 0.2, R_B ikatoka −3,000. Akaanza kuandika jibu, kisha kalamu ikasimama.

"Huyu B anakivuta chuma," akasema, "na bado hajakigusa."

Akafuta, akarudi juu na kutafuta mzigo unaotosha kuziba mwanya kwanza. Ni nyutoni 16,000. Chini ya hapo R_B ni sifuri, na A anabeba zote 10,000.