Kitambulisho cha ombi ni nini, na kinatumikaje kuchambua ripoti ya hitilafu ya API

Kitambulisho cha ombi ni mfuatano wa herufi na tarakimu ambao mfumo hulipatia kila ombi la API mara linapoingia, ili kila sehemu inayolishughulikia, kuanzia seva ya lango iliyo mbele hadi programu yenyewe, iandike alama hiyohiyo katika logi zake. Mteja naye hurudishiwa alama hiyo ndani ya hedi, yaani mistari ya maelezo inayotangulia mwili wa jibu, na mara nyingi mstari wake huitwa `X-Request-Id`. Mhandisi mgeni wa usaidizi hushikilia zaidi msimbo wa hali, kwa kuwa ndio ambao mteja huutaja kwanza. Lakini msimbo huo ni kauli ya yule aliyejibu tu. Aliyejibu ni nani, na kazi iliyoombwa iliishia wapi, ni mambo mawili ambayo utayajua kwa kusoma hedi na kwa kufuata kitambulisho.

Tuchukue mteja anayeandika kwamba kutengeneza ankara kupitia API kunashindikana kwa hitilafu ya 504, na anauliza kama aendelee kujaribu. Kabla ya kumjibu lolote, mwombe jibu kamili kama lilivyopokelewa. Akitumia `curl`, mwelekeze aongeze `-i`, ambayo huonyesha hedi za jibu pamoja na mwili wake, bila hedi alizotuma yeye. Usimwombe `-v`, kwa sababu hiyo huonyesha pia hedi alizotuma yeye, ukiwamo mstari wa `Authorization` wenye ufunguo wake wa siri, na ufunguo uliokwisha kubandikwa kwenye tiketi ni lazima ufutwe na kutolewa mwingine. Tuseme amekutumia hiki:

```
HTTP/1.1 504 Gateway Timeout
Server: nginx
Date: Tue, 14 May 2024 11:42:07 GMT
Content-Type: text/html
X-Request-Id: 7f3a91c2e04b4d58a6610bd93c27ef15
```

Anza na `Content-Type`. API hii hujibu kwa JSON hata inapokataa ombi, ilhali hapa mwili umekuja kama HTML. Hiyo ni dalili nzuri kwamba jibu halikuandikwa na programu, bali na seva iliyo mbele yake, na mstari wa `Server` unaafikiana na hilo, kwa kuwa nginx ndiyo inayoendesha lango hili. Msimbo wa 504 una maana kwamba lango lilipeleka ombi ndani, likasubiri, na muda wake wa kusubiri ukaisha. Haumaanishi kwamba programu ilishindwa. Kisha tazama `Date`. Saa hiyo huandikwa kwa GMT siku zote, kwa hiyo ndiyo utakayoifuata katika logi, hata kama mteja ametaja saa nyingine katika maelezo yake.

Sasa tafuta kitambulisho chote, si kipande chake, katika logi za lango na za programu kwa pamoja. Katika mfano wetu mistari miwili inapatikana, nami nimeipunguza ili isomeke kwa urahisi:

```
11:42:07 gateway POST /v1/invoices 504 60.001s
11:42:21 app     POST /v1/invoices 201 74.212s
```

Mistari yote miwili imeandikwa ombi lilipomalizika, hivyo ukirudi nyuma kwa muda uliotumika, unaona kwamba ombi liliingia saa 11:41:07. Lango lilisubiri sekunde 60, ambao ndio muda wa kawaida wa nginx iwapo hakuna aliyebadilisha mpangilio wa `proxy_read_timeout`, kisha likamjibu mteja 504. Programu haikujua kwamba anayesubiri amekwisha kuondoka. Iliendelea na kazi na kumaliza sekunde 14 baadaye kwa msimbo wa 201, ambao maana yake ni kwamba kitu kipya kimeundwa. Ankara ipo. Mteja anaamini haipo.

Hapa ndipo jibu la haraka la kumwambia ajaribu tena lingemdhuru, na ningependa mhandisi mgeni alitilie maanani jambo hili kuliko orodha nzima ya misimbo. Kila jaribio ni ombi jipya lenye kitambulisho kipya, na iwapo programu ya mteja imerudia ombi yenyewe mara mbili baada ya 504 ya kwanza, huenda tayari kuna ankara tatu. Kwa hiyo mwombe vitambulisho vya majaribio yote, au utafute mwenyewe katika logi maombi ya akaunti hiyo kwenye njia hiyohiyo ya `/v1/invoices` katika dakika zinazofuata. Usidhani kwamba kitambulisho cha ombi huzuia marudio. Kazi yake ni kufuatilia tu. Kinachozuia kazi moja kufanyika mara mbili ni ufunguo mwingine ambao mteja huutuma yeye mwenyewe, ambao API nyingi huupokea katika hedi ya `Idempotency-Key`, na ambao hubaki uleule katika majaribio yote ya kazi moja.

Kuna ripoti ambazo jibu lake halina kitambulisho kabisa. Ni rahisi kukata shauri kwamba ombi halikufika kwetu, na mara nyingine ni kweli: proksi ya mtandao wa mteja inaweza kuwa ndiyo iliyojibu, na mstari wa `Via` au jina la seva usilolitambua litakuonyesha hivyo. Lakini nginx ina desturi moja inayopotosha. Hedi iliyoongezwa kwa agizo la `add_header` bila neno `always` huwekwa katika majibu ya mafanikio na ya kuelekeza kwingine tu, wala haiwekwi katika 502 au 504, yaani inakosekana palepale inapohitajika zaidi. Kwa hiyo kabla ya kumwambia mteja kwamba tatizo liko upande wake, tafuta katika logi ya lango kwa saa ya `Date`, njia ya ombi na anwani ya IP aliyotumia. Usipopata kitu hapo ndipo unapokuwa na msingi wa kusema hivyo.

Kinyume chake pia hutokea, kwamba kitambulisho kimoja kinaleta mamia ya mistari isiyohusiana. Baadhi ya malango hukubali kitambulisho kilichotumwa na mteja badala ya kutengeneza kipya, na mteja aliyeandika thamani moja ndani ya programu yake hutuma hiyohiyo kwa kila ombi. Katika hali hiyo punguza matokeo kwa saa na njia, na umweleze mteja abadilishe thamani hiyo kila anapotuma ombi.

Unapoikabidhi tiketi kwa watengenezaji, weka kitambulisho, saa kwa GMT, njia na mbinu ya ombi, msimbo alioupata mteja na ule ulioandikwa na programu. Kwa mfano wetu ingetosha kuandika: «POST /v1/invoices, 7f3a91c2e04b4d58a6610bd93c27ef15, 14 Mei 2024 saa 11:42:07 GMT. Lango lilijibu 504 baada ya sekunde 60, programu ilimaliza kwa 201 baada ya sekunde 74. Kwa nini ilichukua muda huo?» Mteja naye mwambie kwamba ankara ya jaribio hilo imeundwa, mpe namba yake, na umwombe asimamishe majaribio hadi utakapomthibitishia kama kuna nakala nyingine.